Usajili wa mkunga baada ya mafunzo: maswali kuhusu daftari la uzazi, mtihani wa Baraza na leseni ya kila mwaka

Maswali haya ni yale yanayoulizwa na wanafunzi wa ukunga walio kwenye mazoezi katika hospitali za Nairobi, na wahitimu wanaosubiri kusajiliwa. Sehemu ndefu ni ya daftari la uzazi, ambamo mwanafunzi huandika kila uzazi aliousimamia, kwa kuwa matatizo mengi ya usajili huanzia humo miezi mingi kabla mtu hajafungua ukurasa wa maombi.

Nani hasa anayenisajili?

Ni Baraza la Wauguzi la Kenya, linalofanya kazi chini ya sheria ya wauguzi na wakunga, Sura ya 257. Chuo hakisajili mtu. Kazi ya chuo ni kufundisha, kutahini na kulithibitishia Baraza kwamba umemaliza mafunzo. Hospitali nayo haisajili, ila ndiyo inayotunza kumbukumbu zinazothibitisha kwamba ulizalisha kweli.

Wako wanaosoma ukunga peke yake, na wako wanaosoma uuguzi wa afya ya jamii wa KRCHN, ambao ukunga ni sehemu ya mtaala wao. Jina la rejista utakayoingia hutegemea kozi uliyosoma, kwa hiyo wakati wa kujaza maombi chagua kozi iliyo kwenye cheti chako hata kama wodini wote wanakuita sista wa leba.

Nimemaliza chuo na cheti ninacho. Naweza kuanza kuzalisha?

La. Kuna hatua tatu na watu wengi huzichanganya. Kwanza ni kumaliza mafunzo na kufaulu mtihani wa Baraza. Pili ni kuandikwa kwenye rejista na kupewa nambari ya usajili, ambayo utabaki nayo maisha yako yote ya kazi. Tatu ni leseni ya kufanya kazi, ambayo ina tarehe ya mwisho na huombwa upya. Aliyesajiliwa ambaye leseni yake imeisha bado yuko kwenye rejista, lakini kisheria haruhusiwi kuhudumu.

Wenye shahada wana jambo la ziada, nalo ni mwaka mmoja wa intani. Ruhusa unayopewa kwa ajili ya intani ni ya intani tu. Ukipata kibarua cha wikendi kwenye kliniki ya mtaani kwa ruhusa hiyo, hapo umeshatoka nje ya ulichoruhusiwa.

Indeksi ni nini, na inahusiana vipi na usajili?

Ni nambari unayopewa na Baraza ukiwa mwanafunzi, baada ya chuo kukuombea mwanzoni mwa masomo. Kwa nambari hiyo Baraza linajua kwamba uliingia chuo kilichoidhinishwa, ukiwa na alama za KCSE zinazotakiwa, na lini ulianza. Mwanafunzi asiye na indeksi hawezi kuandikishwa kwa mtihani wa Baraza, hata awe amezalisha wangapi.

Kwa hiyo katika muhula wa kwanza mwulize msajili wa chuo nambari yako, na uangalie jina lilivyoandikwa. Jina ndilo linalokwamisha watu. Cheti cha KCSE kinasema majina matatu, kitambulisho kina mawili, na chuo kimeandika la ubatizo kwanza. Mtandaoni hao ni watu watatu. Kama umebadilisha jina kwa ndoa au kwa sababu nyingine, shughulikia hati ya kubadilisha jina mapema, kisha uhakikishe chuo, kitambulisho na akaunti yako ya Baraza vyote vinafuata hati hiyo.

Uzazi upi unahesabika kuwa nimezalisha mwenyewe?

Idadi unayotakiwa kufikisha imechapwa kwenye daftari lako la taratibu, ambalo wengi huliita logibuku, na hutofautiana kwa kozi. Fuata daftari lako, usifuate la rafiki wa chuo kingine. Jambo gumu zaidi ni kujua kipi kinastahili kuingia kwenye safu ya kuzalisha na kipi ni cha kushuhudia tu.

Umezalisha ikiwa mikono yako ndiyo iliyompokea mtoto, ikatoa kondo la nyuma na kulikagua, ikakagua msamba na kufanya uchunguzi wa kwanza wa mama na mtoto, huku mkunga aliyesajiliwa akiwa amesimama kando yako akikuangalia. Ukimpokea mtoto kisha mtu mwingine akatoa kondo kwa sababu umeitwa kitanda kingine, hujakamilisha uzazi huo. Andika ulichofanya, na umwache msimamizi aamue unaingia safu gani.

Upasuaji uliousaidia si uzazi wa kawaida uliozalisha. Mtoto aliyetanguliza makalio, aliyevutwa kwa vakyumu, au aliyekwama mabega hadi mkunga mkuu akachukua nafasi yako, ana sehemu yake kwenye daftari. Usimsukumie kwenye safu ya kawaida ili kufikisha idadi. Anayekagua ataona aina ya uzazi kwenye rejista ya hospitali na kuukataa, na akishakataa mmoja wa namna hiyo atapitia wote uliobaki kwa jicho kali.

Wanafunzi wawili hawawezi kugawana uzazi mmoja. Hili hutokea sana kwenye wodi zenye wanafunzi wa vyuo vitatu kwa zamu moja. Kubalianeni kabla mama hajaanza kusukuma: mmoja ni wa kuzalisha, mwingine ni wa kumkausha mtoto akishatoka.

Mstari mmoja wa daftari unaofaa unaonekanaje?

Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya tatu, ameshazaa mara mbili, wiki 39. Amefika usiku akiwa na uchungu. Saa 01:00 njia imepimwa, imefunguka sentimita 4. Saa 05:00 imefika sentimita 8. Saa 06:10 imefunguka yote. Mtoto wa kike amezaliwa saa 06:42, uzito gramu 3,150, Apga 9 dakika ya kwanza na 10 dakika ya tano. Oksitosini uniti 10 imechomwa kwenye msuli saa 06:43. Kondo limetoka saa 06:50, likiwa zima pamoja na utando wake. Damu iliyopotea ni mililita 250. Msamba haukuchanika.

Mkaguzi anayejua kazi hasomi maneno tu, anapiga hesabu. Kwenye partografu, yaani grafu ya kufuatilia uchungu, inayoanza na sentimita 4, mstari wa tahadhari hupanda sentimita moja kwa saa, kwa hiyo mama huyu aliyeanza saa 01:00 alitarajiwa kufika sentimita 10 saa 07:00. Amefika 06:10, yuko kushoto kwa mstari, na uzazi ulikuwa wa kawaida kweli. Hatua ya pili imechukua dakika 32. Hatua ya tatu imechukua dakika 8 tangu mtoto azaliwe. Oksitosini imetolewa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, kama inavyotakiwa. Kila tarakimu inaungana na mwenzake.

Sasa badilisha kitu kimoja: andika kondo lilitoka 06:40. Mstari mzima umeharibika, maana kondo limemtangulia mtoto. Makosa ya aina hii hutokea mtu anapojaza daftari siku tatu baadaye kwa kumbukumbu. Andika saa kwa mtindo wa saa 24 kama ilivyo kwenye faili, na uandike kabla hujatoka wodini.

Mkaguzi analinganisha daftari langu na nini?

Na rejista ya uzazi ya hospitali, MOH 333. Kila mama anayejifungua katika kituo huandikwa humo, na kuna mahali pa kuonyesha aliyezalisha. Hapa ndipo uzazi halali mwingi hupotea. Mwanafunzi amezalisha vizuri, daftari lake limesainiwa, lakini sista wa zamu amejaza rejista kwa jina lake mwenyewe tu kwa sababu ana haraka ya kukabidhi zamu. Chuo kikituma mwalimu kuhakiki, au swali likizuka baadaye, rejista inamtaja mtu mwingine.

Dawa yake ni kumwomba msimamizi, rejista inapojazwa, aandike jina lako kama mwanafunzi na lake kama msimamizi, kisha wewe unakili nambari ya mama kutoka kwenye rejista hadi kwenye daftari lako. Kwa mfano wetu wa saa 06:42 una muda mfupi kabla zamu ya usiku haijaondoka. Mtengeneze mama na mtoto kwanza, halafu mkae na rejista pamoja. Mwambie tu, "Sista, naomba tujaze rejista na daftari kabla hujakabidhi." Hakuna inchaji anayekasirishwa na ombi hilo.

Ukigundua baadaye kwamba rejista ina kosa, usiishike kwa kalamu yako. Aliyeijaza ndiye anayekata kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, anaandika lililo sahihi, kisha anatia saini na tarehe. Korekta na kufutafuta kwenye rejista ya serikali ni kosa kubwa kuliko uzazi mmoja uliopotea.

Niandike jina la mama kwenye daftari?

Hapana. Tumia nambari ya rejista au ya hospitali. Daftari hilo unalibeba kwenye matatu, unaliacha hosteli, na mwalimu analisoma. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kupiga picha ukurasa wa rejista ili "unakili baadaye" ni kuwachukulia akina mama wote wa ukurasa huo siri zao. Nambari, tarehe na saa vinatosha kumtambua mama kwa yeyote mwenye haki ya kuifungua rejista.

Kwa nini daftari langu lililojaa lilirudishwa?

Sababu zinazojirudia ni chache, na zote huonekana kwa macho.

Ya kwanza ni Apga zinazofanana. Kurasa nzima zina 9 na 10, hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa na 7 au 8. Mtoto mzima kabisa mara nyingi ana mikono na miguu ya buluu dakika ya kwanza, ndiyo maana 9 ni ya kawaida na 10 ya dakika ya kwanza ni ya kutiliwa shaka. Hesabu vipengele vitano kimoja kimoja: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu ya misuli na kupumua, kila kimoja 0 hadi 2. Mtoto aliyehitaji kusaidiwa kupumua kwa ambu akapewa 9 anamwambia mkaguzi kwamba hukuhesabu.

Ya pili ni damu. Kila mama amepoteza mililita 200 au 250. Kukadiria kwa macho hupunguza kiasi halisi, hasa damu ikiwa imeingia kwenye mashuka na pamba. Kama wodi ina karatasi maalumu ya plastiki yenye vipimo inayowekwa chini ya mama, soma kipimo. Kama haina, pima uzito wa vitambaa vilivyolowa, utoe uzito wake vikiwa vikavu, na uhesabu gramu moja kuwa mililita moja. Kuanzia mililita 500 baada ya uzazi wa njia ya kawaida, huko ni kutokwa na damu kupita kiasi, na daftari lazima lionyeshe ulichofanya na nani uliyemwita. Ukurasa wenye tukio kama hilo lililoandikwa kwa ukweli unakujenga kuliko kumi zisizo na tukio.

Ya tatu ni saini. Kalamu moja, wino mmoja, saini ishirini za mtu mmoja katika tarehe za miezi minne, zote zikiwa na mwinamo ule ule, maana yake zilitiwa siku moja. Wakati mwingine aliyesaini alikuwa likizo tarehe hizo, na hilo hujulikana kwa kuangalia ratiba ya zamu. Aidha, anayesaini awe mkunga aliyesajiliwa mwenye leseni hai, aandike na nambari yake. Saini ya mwanafunzi aliyekutangulia mwaka mmoja haina kazi.

Nimepungukiwa na uzazi na zamu zangu zimeisha. Nifanyeje?

Mwambie mratibu wa mazoezi wa chuo mapema, usingoje wiki ya kufunga daftari. Chuo ndicho chenye makubaliano na hospitali, na ndicho kinachoweza kukuombea zamu za ziada, hasa za usiku, ambako wanafunzi huwa wachache. Wodi kubwa kama za Pumwani zina akina mama wengi lakini pia wanafunzi wengi wanaosubiri zamu. Kituo cha afya chenye leba ndogo kinaweza kukupa uzazi mchache kwa wiki huku mkunga akiwa na nafasi ya kukufundisha mmoja baada ya mwingine. Waliokwama wengi walisaidiwa na vituo hivyo.

Usiende hospitali yoyote kwa mpango wako binafsi ukazalisha kwa kujuana na inchaji. Uzazi huo hauna barua ya chuo, huna bima yoyote, na hauwezi kuhesabiwa.

Tathmini za vitendo na mtihani wa Baraza vinatofautianaje?

Tathmini za vitendo hufanywa wodini wakati wa mafunzo, mtahini akikuangalia kwa mama halisi: kliniki ya wajawazito, leba, na baada ya kujifungua. Katika leba, alama hupotea kwenye mambo madogo yenye uzito. Mtu anapima njia bila kwanza kupapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Mwingine anachoma oksitosini kabla hajapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha wa pili. Mwingine anavuta kitovu bila kuushikilia mfuko wa uzazi kwa mkono wa pili juu ya kinena, jambo linaloweza kuupindua mfuko. Haya ni makosa ya kumwangusha mtu hata kama mtoto ametoka salama. Na zungumza na mama. Mtahini anasikiliza kama uliomba ruhusa na kumweleza unachofanya.

Mtihani wa Baraza ni wa maandishi na hutolewa baada ya mafunzo, kwa walioandikishwa na vyuo vyao. Maswali yake hupenda hali halisi: unapewa mama, saa, vipimo, na kuulizwa utafanya nini kwanza. Aliyejaza partografu kwa mkono wake mara nyingi husoma swali la namna hiyo na kuona grafu kichwani. Ukishindwa unaweza kuomba kurudia, kwa maombi mapya na ada mpya, na huwezi kusajiliwa hadi ufaulu.

Nimefaulu. Maombi ya usajili yanakwama wapi?

Hufanywa kwenye lango la huduma la Baraza mtandaoni, na malipo hupitia eCitizen. Ofisi za Baraza ziko Nairobi, kwenye eneo la Barabara ya Ngong, lakini kwenda huko kabla ya kukamilisha sehemu ya mtandaoni ni nauli ya bure. Vikwazo vya kawaida ni tofauti ya majina iliyotajwa hapo juu, chuo kuchelewa kutuma uthibitisho wa kumaliza, na hati zilizopigwa picha kwa simu zikiwa na kivuli hadi muhuri hausomeki. Skani hati kwenye saiba, moja moja, pande zote mbili za kitambulisho. Malipo yakionekana kwenye simu na yasionekane kwenye akaunti, tunza nambari ya muamala na usilipe mara ya pili siku hiyo hiyo.

Tumia barua pepe yako mwenyewe, wala si ya mhudumu wa saiba. Mwaka ujao utahitaji kuingia tena, na nenosiri litatumwa huko.

Leseni ya kila mwaka inahitaji nini?

Pointi za mafunzo endelevu, zinazoonekana kama CPD kwenye akaunti yako, na ada. Pointi ndizo zinazochelewesha. Mafunzo lazima yawe ya mtoaji aliyetambuliwa na Baraza, na mtoaji ndiye anayethibitisha kwamba ulihudhuria. Cheti kizuri cha semina ya mtoaji asiyetambuliwa hakikuongezei kitu. Nyingine ni nambari: ukitoa nambari ya usajili yenye tarakimu moja iliyokosewa wakati wa kujiandikisha semina, pointi hazikufikii.

Baada ya kila mafunzo, ingia kwenye akaunti ndani ya wiki chache uone kama pointi zimepanda. Ikiwa hazipo, mwandikie mtoaji wakati bado ana orodha ya mahudhurio mkononi. Anayefungua akaunti yake siku tano kabla ya leseni kuisha hana muda wa kufuatilia semina ya miezi tisa iliyopita. Kwa mkunga wa leba, anza na mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua na ya dharura za uzazi, kwa kuwa pointi zake zinaendana na kazi unayoifanya kila zamu.

Leseni imeisha na bado niko kwenye zamu. Kuna ubaya gani wa siku chache?

Usizalishe. Mwajiri anaweza kuangalia hali ya leseni yako kwenye rejista ya Baraza mtandaoni, na wengi hufanya hivyo kabla ya kuongeza mkataba. Mtoto akizaliwa na shida siku hiyo, swali la kwanza la uchunguzi litakuwa kama aliyezalisha alikuwa na leseni hai, na jibu likiwa hapana, hata uamuzi wako sahihi wa kitabibu utakosa wa kuutetea. Mwambie inchaji akuhamishie kazi zisizo za kuhudumia wagonjwa, au uchukue siku zako za likizo hadi leseni mpya ionekane kwenye akaunti. Risiti ya malipo peke yake bado si leseni.

Daftari langu limepotea kabla chuo hakijalifunga. Yote yamepotea?

Si lazima, kama ulikuwa umenakili nambari za rejista mahali pengine. Toa taarifa polisi upate abstrakti, ripoti chuoni kwa maandishi, kisha uombe chuo kiandikie hospitali barua ya kuruhusu kumbukumbu zikaguliwe. Kila uzazi ambao rejista inakutaja kama mwanafunzi unaweza kuandikwa upya na kusainiwa na msimamizi yule yule. Ule ambao rejista inamtaja sista peke yake hautarudi. Ndiyo maana kila mwisho wa wiki ni vizuri kuandika kwenye karatasi ya pembeni tarehe, saa na nambari ya rejista ya kila uzazi, bila jina la mama, na kuiacha kwa mwalimu wako.